Wanaongea Mengine, Wanamaanisha Mengine

Mwaka 1904 tamthilia ya Anton Chekhov, *Bustani ya Micheri*, ilionyeshwa kwa mara ya kwanza mjini Moscow. Karibu na mwisho wake Lopakhin, mfanyabiashara aliyeinunua bustani hiyo, anaachwa chumbani na Varya ili amchumbie. Mama mlezi wa Varya amemsihi muda mfupi tu uliopita, naye amekubali. Watazamaji wanalijua hilo.

Varya anaingia akipekua mizigo kana kwamba kuna kitu kimepotea. Lopakhin anamuuliza sasa ataelekea wapi. Anajibu kwamba amepata kazi ya kuangalia nyumba ya watu. Hapo ndipo Lopakhin angemwambia asiende, lakini anahamia kwenye hali ya hewa: baridi ni nyuzi tatu chini ya sifuri. Varya anasema hakuangalia, tena kipimajoto chao kimevunjika. Kimya. Lopakhin anaitwa kutoka nje na anaondoka haraka, kama mtu aliyekuwa akiusubiri wito huo. Varya anabaki sakafuni akilia.

Ndoa haikutajwa hata mara moja, na bado kila mtu ukumbini ameona ikivunjika. Hilo liliwezekana kwa sababu Chekhov alitujulisha mapema kinachotakiwa. Waandishi wetu wengi chipukizi huruka hatua hiyo: wahusika wanakwepa jambo ambalo msomaji halijui, na mazungumzo yanabaki porojo.

Tuseme Mwajuma amepita asubuhi kwenye kiwanja cha marehemu baba yao, akakuta uzio mpya na fundi asiyemfahamu. Jioni anakwenda kwa kaka yake. Akianza na “Umeuza kiwanja!”, kinachobaki ni kelele tu. Mwache aanze hivi:

“Shikamoo, kaka.”

“Marahaba. Karibu chai.”

“Pikipiki mpya hiyo?”

“Ya rafiki yangu.”

“Nzuri. Baba angefurahi kuiona.”

“Nikutilie sukari vijiko viwili?”

“Nimeacha sukari.”

Kaka amekimbilia sukari kwa sababu jina la baba limemgusa, na dada amekataa hata hicho kidogo anachopewa. Sentensi ya baba ndiyo iliyolikaribia jambo lenyewe, na moja inatosha. Ukiongeza ya pili na ya tatu, yatakuwa mafumbo na vijembe, ambavyo kwetu ni ugomvi wa wazi: anayerusha anajua, na anayerushiwa anajua.

Ukitaka kujua kama onyesho kama hili limesimama, futa tukio la uzio, kisha soma upya mazungumzo ya jioni. Yakisomeka vilevile, hapakuwa na kitu chini yake. Na kabla ya kuandika, weka pembeni ya karatasi sentensi moja ambayo kila mhusika anatamani kuitamka, halafu hakikisha haimtoki mdomoni.