Munyu moja, chungu moja, lakini tansio mbili: juu ya nini?

Tuchukue nyumba moja ya Katuba. Baba na mama wanakula kwenye meza moja, bukari moja, muchuzi wa chungu kimoja. Wote wawili wana tansio ya juu. Kwenye sentre ya afya wakaambiwa maneno yale yale: “Mupunguze munyu.” Wakapunguza. Kisha mwezi moja, tansio ya mama ilishuka vizuri. Ya baba ilibakia karibu pale pale. Munganga akamuangalia baba kwa jicho la mashaka: “Papa, weye unakula munyu kwa kufichama.” Baba akajibu: “Hapana, munganga. Miye nakula sawa vile bibi yangu anakula.”

Mfano huu ni wa kufundishia, lakini wengi watautambua. Na baba anaweza kuwa anasema kweli. Miili ya watu haisikii munyu kwa namna moja. Kuna mtu anayeongeza munyu kidogo na tansio inapanda, na kuna mwingine anayekula munyu mwingi na tansio haisogei sana.

Kazi iko kwenye mafigo

Munyu wa jikoni una sodiamu ndani yake. Sodiamu ikiingia kwenye damu, inashika maji, na maji yale yanajaza mishipa. Kwa mwili wa kawaida, kitu hicho hakidumu. Mishipa inajipanua kidogo, na mafigo yanatoa munyu uliozidi kwa njia ya mikojo. Kuna pia homoni moja inayoitwa renini, ambayo kazi yake ni kuamsha njia zinazouambia mwili ushike munyu. Munyu ukiwa mwingi, renini inashuka, na mafigo yanaachilia.

Kwa mwili unaosikia munyu sana, mambo hayaendi hivyo. Mishipa haijipanui ya kutosha, na mafigo yanachelewa kuachilia munyu. Mara nyingi renini ya mtu huyo iko chini tangu zamani, kwa hiyo haina tena nafasi kubwa ya kushuka. Fikiri bomba la maji lililobanwa katikati: ili maji yale yale yapite, lazima usukume kwa nguvu zaidi. Mafigo ya mtu huyo nayo yanahitaji nguvu zaidi ya damu ili kutoa munyu ule ule. Nguvu hiyo ya kuzidi ndiyo tansio tunayoiona kwenye mashini.

Namna gani walipima

Mwaka wa 1986, huko Indianapolis, Amerika, munganga Myron Weinberger na wenzake walitoa matokeo ya jaribio ambalo linatajwa hadi leo. Siku ya kwanza walipitisha litre 2 za maji ya munyu kwenye mshipa wa mtu, kwa muda wa saa 4. Siku iliyofuata walimpa chakula chenye munyu kidogo sana pamoja na dawa ya kukojoza. Kama wastani wa tansio yake ulishuka kwa 10 ao zaidi, walimhesabu kuwa mwenye kusikia munyu.

Kati ya watu 100 wasio na ugonjwa wa tansio, karibu 26 walikuwa wa kundi hilo. Kati ya wagonjwa wa tansio 100, walikuwa karibu 51. Maana yake, hata kati ya wagonjwa, karibu nusu hawakushuka kwa kiasi kile. Baba wa Katuba ana wenzake wengi.

Lakini mambo mawili yasisahaulike. La kwanza, mstari ule wa 10 uliwekwa na watu. Mwilini hakuna ukuta kati ya makundi mawili, ni kama ngazi, na kila mtu amesimama kwenye kipandio chake. La pili, mtu hakai kwenye kipandio kimoja maisha yote. Miaka ikiongezeka, mafigo yakichoka, sukari ikiingia ao uzito ukipanda, mwili unaanza kusikia munyu zaidi. Baba ambaye leo hasikii anaweza kusikia kisha miaka 10.

Kijiji, mji na potasiamu

Watu wenye asili ya Afrika wanaonekana mara nyingi zaidi kwenye kundi la wanaosikia munyu. Wengi wanasimama hapo na kusema: “Basi, ni damu yetu.” Sehemu ya jambo iko kweli kwenye urithi, lakini kuna kitu kingine kinachotoka kwenye sahani.

Mwaka wa 1990, munganga Neil Poulter na wenzake walitangaza uchunguzi uliofanyika Kenya. Waliwafuata Waluo waliotoka vijijini, upande wa magharibi wa inchi, na kuhamia Nairobi. Watu walikuwa wa kabila moja na asili moja, lakini tansio ya waliofika mjini ilipanda kuliko ya wale waliobaki kijijini, na ilianza kupanda mapema, katika miezi ya kwanza. Kwenye mikojo yao, sodiamu ilikuwa imeongezeka na potasiamu imepungua.

Potasiamu inasaidia mafigo kutupa sodiamu. Inapatikana ndani ya lengalenga, matembele, maharagi, ndizi, avoka na viazi vitamu. Mwaka wa 1999, kikundi cha Curtis Morris huko San Francisco kilionyesha kwamba wanaume wazima wa afya waliopewa chakula chenye potasiamu kidogo walisikia munyu kwa wingi: karibu 8 kati ya 10 kwa wanaume weusi, chini ya 4 kati ya 10 kwa weupe. Potasiamu ilipoongezwa, kusikia kule kulipungua. Kwa hiyo kusikia munyu hakutoki kwenye munyu peke yake, kunatoka pia kwenye majani na matunda yanayokosekana. Hapa Lubumbashi, mtu anayefika toka kijiji na kuacha maharagi na majani kwa ajili ya mukate na makayabu anabadilisha pande zote mbili za mzani kwa mara moja.

Kupima chungu, kisha kupima mtu

Jaribio la Indianapolis halifanywi kwenye sentre ya afya. Linachukua muda, na mtu akipimwa mara ya pili anaweza kutoa jibu lingine. Lakini nyumba inaweza kujipima kwa njia rahisi.

Jambo zuri kwetu ni kwamba bukari hatuitii munyu. Munyu karibu wote unapita kwenye muchuzi. Siku ya kufungua pakiti, andika tarehe juu yake. Tuseme ile nyumba ya Katuba ina watu 6, na pakiti ya gramu 500 inaisha kwa siku 9. Gawanya 500 kwa 9, kisha kwa 6: kila mtu anapata gramu 9 na kidogo kwa siku. Ongeza kibe 2 ndogo za kuvunja ndani ya muchuzi. Karibu nusu ya uzito wa kibe ni munyu, kwa hiyo jumla inafika karibu gramu 10. Shirika la Afya Duniani linaomba mtu mzima asipite gramu 5, sawa na kijiko kidogo kimoja cha chai. Kwa watu 6, pakiti ile ingedumu siku 17 hivi, na zaidi kama kuna kibe, mukate na makayabu. Wabaki na munyu wenye iode, kwa sababu iode inakinga na ugonjwa wa shingo. Kinachotakiwa ni kupunguza kipimo, si kubadilisha munyu.

Kisha pima tansio. Kipimo kimoja hakitoshi, kwa kuwa tansio ya mtu inaweza kutofautiana kwa 10 toka asubuhi mpaka mangaribi bila sababu ya munyu. Mtu akojoe kwanza, aketi dakika 5 bila kusema, mkono ulazwe kwenye meza. Apime mara 2 asubuhi na mara 2 mangaribi kwa siku 7, kisha atafute wastani. Apunguze munyu kwa wiki 4, dawa zibaki zile zile, halafu arudilie wiki ya kupima.

Tuseme mama alitoka 162 kwa 98 akafika 148 kwa 90, na baba alitoka 148 kwa 92 akafika 146 kwa 92. Tofauti ya mama ni ya kweli. Ile ya baba ya 2 haisemi kitu.

Shauri linabadilika wapi

Kwa mama, chungu ni sehemu ya matunzo yake. Akirudilia munyu wa zamani, tansio itarudi, hata kama anameza dawa. Lakini 148 bado iko juu, kwa hiyo asiache dawa.

Kwa baba, kosa ni kumlaumu na kungoja miezi mingine 6 akiendelea “kupunguza.” Akili ya munyu imefanya ile iliyoweza. Sasa ni wakati wa kuangalia dawa pamoja na munganga: anazimeza kila siku? Ni za namna gani? Mwaka wa 2019, jaribio lililoitwa CREOLE lilifanyika katika inchi 6 za Afrika kusini mwa Sahara, kati yao Kenya na Uganda. Lilionyesha kwamba dawa ya amlodipine, ikiunganishwa na dawa ya kukojoza ao na perindopril, ilishusha tansio vizuri kuliko perindopril na dawa ya kukojoza bila amlodipine.

Je, baba arudilie munyu wake? Hapana. Jaribio la wiki 4 haliwezi kumwambia atakuwaje uzeeni. Tena chungu ni cha watu 6, na huenda mtoto moja amerithi mwili wa mama. Watu wa Weinberger walifuatwa miaka zaidi ya 20. Wale wasiokuwa na tansio lakini walisikia munyu, walikufa kwa kiasi kinachokaribia kile cha wagonjwa wa tansio.

Onyo la mwisho ni juu ya potasiamu. Mwenye mafigo mazima anaweza kuongeza maharagi na majani bila hofu. Lakini mwenye ugonjwa wa mafigo, ao anayemeza dawa kama enalapril ao spironolactone, asinunue munyu wa potasiamu bila kuuliza munganga. Potasiamu ikizidi kwenye damu inaweza kusimamisha moyo.

Na munganga akikuta tansio haishuki, aulize kwanza: “Pakiti ya munyu inadumu siku ngapi kwenu?” Jibu la swali hilo linaweza kuhesabiwa. Neno “unakula kwa kufichama” haliwezi.