Salio la Zamani, Salio Hasi: Masharti Mawili Yanayochanganywa

Mke na mume wana akaunti mbili benki, kila moja ina shilingi 50,000. Wanaruhusiwa kutoa fedha kwenye akaunti yoyote, hata ikaingia hasi, ilimradi jumla ya zote mbili isishuke chini ya sifuri. Siku moja kila mmoja, mahali pake, anataka 80,000. Muamala wa mume unasoma akaunti zote mbili na kupata 100,000. Wa mke nao, kabla mwenzake hajaandika chochote, unasoma na kupata 100,000. Kisha mmoja unatoa 80,000 akaunti ya kwanza, mwingine 80,000 akaunti ya pili. Jumla sasa ni hasi 60,000.

Ajabu ni kwamba kila usomaji ulileta kiasi sahihi cha wakati ule. Sharti la linearaizabiliti, lililofafanuliwa na Maurice Herlihy na Jeannette Wing mwaka 1990, limetimia: kila tendo juu ya kitu kimoja lionekane limetokea mara moja, kati ya kuanza na kumalizika kwake, na atakayesoma baadaye akute matokeo yake. Lakini sharti hilo haliyafungi pamoja matendo ya muamala mzima.

Kazi hiyo ni ya sirialaizabiliti. Hii inadai miamala iliyoingiliana itoe matokeo yale yale ambayo yangepatikana kama ingefanyika mmoja baada ya mwingine, kwa mpangilio wowote. Hebu tujaribu. Mume akitangulia, mke atakuta 20,000 na kukataliwa. Mke akitangulia, mume ndiye atakayekataliwa. Hakuna mpangilio unaozaa hasi 60,000, kwa hiyo sharti limevunjwa. Katika PostgreSQL ulinzi huu hauji wenyewe, lazima uombwe:

```
BEGIN ISOLATION LEVEL SERIALIZABLE;
```

Hapo muamala mmoja utakatishwa kwa kosa namba 40001, na programu inapaswa kuurudia tangu mwanzo.

Sasa mfano wa pili. Saa 4:00 mke anaweka 30,000 na kupewa risiti. Saa 4:01 anauliza salio, swali linaangukia seva ya nakala iliyochelewa kupata habari, naye anaonyeshwa salio la zamani. Linearaizabiliti imevunjwa waziwazi. Sirialaizabiliti haijavunjwa: tangulizeni swali, fuatisheni amana, na mpangilio unakubalika. Saa ya ukutani haimo katika sharti lake, na hapo ndipo hata wahandisi wazoefu huteleza.

Kuna mifumo inayotimiza yote mawili. Spanner ya Google huchelewesha kidogo kuthibitisha muamala wa kuandika, mpaka shaka ya tofauti za saa za seva zake ipite. Bei yake ni kusubiri. Kwa hiyo unaponunua hifadhidata ya kutunzia fedha, usitosheke na neno SERIALIZABLE kwenye tangazo. Uliza pia: mteja akishapata risiti, je, usomaji unaofuata utaiona amana yake, hata ukipitia seva nyingine?