Mapipa Mangapi, Kilo Ngapi?

Tuchukue kiwanda kidogo cha kukamua alizeti mjini Singida. Kwenye tangi lake kuna mafuta lita 9,500, mnunuzi yuko Dar es Salaam, karibu kilomita 700 kutoka hapo, na lori lililopatikana linaruhusiwa kubeba mzigo wa tani 9. Mafuta yatasafiri kwenye mapipa ya chuma ya lita 200. Mwenye mzigo anatakiwa kujua mambo mawili kabla ya kumwita dereva: atafute mapipa mangapi, na mzigo wote utakuwa na uzito gani ukifika kwenye mizani ya barabarani. Hesabu yenyewe haizidi kugawanya, kuzidisha na kujumlisha. Hata hivyo, kuna mahali panne au vitano ambapo watu hupotea, na kila mahali pana gharama yake.

Kwanza mapipa. Lita 9,500 gawanya kwa 200 unapata 47.5. Nusu pipa haliuzwi, kwa hiyo yanahitajika mapipa 48: 47 yakiwa na lita 200 kila moja na la mwisho likiwa na lita 100. Hapa sehemu inayobaki hupandishwa daima, hata ingekuwa lita tano tu, kwa sababu hizo lita tano nazo zinahitaji chombo.

Wengine hujaribu kuokoa mapipa kwa kujaza mpaka mdomoni. Ni kweli kwamba pipa la lita 200 humeza zaidi ya hizo. Pipa la chuma la namna hii lina asili ya Marekani, ambako Henry Wehrhahn alipata hataza zake mwaka 1905 akiwa katika kampuni ya Iron Clad, iliyokuwa chini ya mwandishi wa habari mashuhuri Nellie Bly. Huko hulihesabu kuwa la galoni 55, yaani lita 208 na ushei, na bado hubaki nafasi kidogo juu. Nafasi hiyo si ya kujazwa. Mafuta hutanuka yakipata joto, na pipa lililojazwa pomoni asubuhi ya baridi Singida litakuwa limevimba kifuniko, au linavuja kwenye kizibo, likishuka jua kali Morogoro. Kwa hiyo tugawanye kwa 200, tusigawanye kwa 210. Wala tusigawanye kwa 159, maana hizo ndizo lita za pipa linalotajwa kwenye habari za bei ya mafuta ghafi duniani, ambalo ni kipimo cha biashara na halihusiani na pipa lililo uani.

Joto lina jambo jingine, na hili huwachanganya hata watu wazoefu. Mafuta yanayotoka kwenye mashine ya kukamua yana moto. Lita 1,000 za mafuta ya alizeti zikipoa kwa nyuzi 10 hupungua kwa karibu lita 7. Kama lita 9,500 zilisomwa kwenye tangi mafuta yakiwa na nyuzi 45, kisha yakapoa usiku hadi nyuzi 25, asubuhi kipimo kitaonyesha takriban lita 9,370. Hakuna aliyeiba. Uzito ni uleule, ila ujazo umejikunja. Lakini sasa gawanya tena kwa 200: unapata 46.85, na mapipa yanayohitajika ni 47, si 48. Lita 130 zinazokosekana ndizo zinazozua ugomvi kati ya fundi wa mashine, mlinzi na mwenye mali, ilhali dawa yake ni kusoma tangi mafuta yakishapoa na kuandika joto la saa hiyo pembeni ya kipimo. Sisi tuseme lita zetu 9,500 zilipimwa asubuhi, zikiwa zimepoa. Tunabaki na mapipa 48.

Sasa uzito. Kosa linalorudiwa mno ni kuchukulia kwamba lita moja ni kilo moja. Hiyo ni kweli kwa maji, si kwa mafuta. Lita moja ya mafuta ya alizeti yaliyopoa ina uzito wa karibu kilo 0.92. Tofauti ya gramu 80 inaonekana ndogo mpaka uizidishe: lita 9,500 mara 0.92 ni kilo 8,740, wakati mtu wa lita ni kilo angeandika 9,500. Amezidisha kilo 760, na huenda akalipa nauli ya mzigo ambao haupo.

Namba ya 0.92 haina haja ya kuaminiwa kwa macho tu. Chukua ndoo imara, ipime ikiwa tupu, kisha itie maji mpaka kwenye alama uliyochora na uipime tena. Imwage, ikaushe, itie mafuta mpaka alama ileile. Ondoa uzito wa ndoo katika vipimo vyote viwili, halafu gawanya kilo za mafuta kwa kilo za maji. Maji yakiwa kilo 10 na mafuta kilo 9.2, jibu ni 0.92. Uzuri wa njia hii ni kwamba huhitaji kujua ndoo inachukua lita ngapi hasa, maana alama ni moja kwa maji na kwa mafuta.

Baada ya mafuta huja uzito wa mapipa yenyewe, na hapa ndipo wengi husahau kabisa. Pipa tupu la chuma huwa na uzito wa kati ya kilo 15 na 22, kulingana na unene wa bati lake. La plastiki ni jepesi zaidi, mara nyingi kilo 8 hadi 10. Tuseme mapipa yetu yana kilo 18 kila moja. Mapipa 48 mara 18 ni kilo 864. Zingatia kwamba tunazidisha kwa 48, si kwa 47.5. Pipa la mwisho lina nusu ya mafuta, lakini chuma chake ni kizima. Vilevile mafuta tunayahesabu kwa lita zake halisi, hatusemi 48 mara 200, maana tungekuwa tumejaza nusu pipa kwa mafuta yasiyokuwepo na kuongeza kilo 92 za bure.

Jumla basi ni kilo 8,740 za mafuta na kilo 864 za mapipa, yaani kilo 9,604.

Lori letu ni la tani 9. Mtu aliyehesabu mafuta peke yake ameona 8,740, akaridhika kwamba mzigo unaingia na nafasi ya kilo 260 inabaki. Amelipa, amepakia, na atakuta kwenye mizani ya Vigwaza, kabla ya kuingia Dar es Salaam, kwamba amezidisha kilo 604. Hapo kuna faini, kuna kushusha mzigo kando ya barabara, kuna kutafuta gari la pili kwa bei ya mtu aliyekwama. Chuma kitupu ndicho kilichomzidishia.

Lori lichukue mangapi basi? Pipa lililojaa lina kilo 184 za mafuta na 18 za chuma, jumla 202. Kilo 9,000 gawanya kwa 202 ni 44.55, na safari hii sehemu inayobaki hushushwa: mapipa 44. Tulipohesabu vyombo tulipandisha, sasa tunahesabu ruhusa ya lori, tunashusha. Anayepandisha kote kote atapakia 45 na kuzidisha kilo 90. Mapipa 44 ni kilo 8,888. Yanayobaki ni mapipa manne yenye lita 700, uzito wake kilo 716, nayo yanaweza kusubiri safari ijayo au kwenda na gari dogo.

Bado sakafu ya lori haijaulizwa. Pipa lina upana wa karibu sentimita 59. Bodi yenye urefu wa mita 7 na upana wa mita 2.4 itapanga mapipa manne kwa upana na safu kumi na moja kwa urefu, yaani 44 yakisimama. Hapa mambo yamekubaliana, lakini bodi ikiwa fupi kwa mita moja zinaingia safu kumi tu, mapipa 40, na urefu wa bodi ndio utakaoamua badala ya mizani. Nafasi ndogo inayosalia nyuma izibwe kwa mbao na kamba, kwa sababu pipa la kilo 202 likianza kutembea kwenye kona za mlimani hakuna utingo wa kulizuia. Ikiwa pipa la nusu litapakiwa, lisimame. Likilazwa mafuta hucheza na kulisukuma huku na huko.

Linganisha na dizeli, uone jinsi aina ya mafuta inavyobadilisha jibu. Lita moja ya dizeli ni takriban kilo 0.84. Lita 9,500 ni kilo 7,980, na pamoja na mapipa yaleyale 48 jumla ni kilo 8,844. Kwa uzito tu, zingeenea ndani ya ruhusa ya tani 9, ingawa sakafu ya mapipa 44 isingetosha, na mafuta ya kuendeshea magari yana masharti yake ya usafirishaji. Idadi ya mapipa haikubadilika hata kidogo, kwa sababu pipa linajali lita. Lori linajali kilo.

Upande wa Dar es Salaam, mnunuzi makini hupima kila pipa, huondoa uzito wa pipa tupu, kisha hugawanya kwa 0.92 kupata lita. Kilo 202 toa 18 ni 184, na 184 gawanya kwa 0.92 ni 200. Hesabu hii husimama juu ya ile 18. Kama mapipa yalikuwa mazito, ya kilo 22, mnunuzi amelipia kilo 4 za chuma kwa bei ya mafuta katika kila pipa, na katika mapipa 48 hizo ni kilo 192. Ndiyo maana kila pipa lipimwe likiwa tupu na uzito wake uandikwe ubavuni kwa rangi, kabla tone la kwanza halijaingia.

Kuna kitu kimoja ambacho mizani haitakifichua vizuri, nacho ni maji. Tuseme katika lita 200 za pipa, lita 20 ni maji ya mvua yaliyopenya kwenye kizibo. Mafuta lita 180 ni kilo 165.6, maji ni kilo 20, na pipa ni 18: jumla kilo 203.6. Ni kilo moja na nusu tu juu ya pipa safi, tofauti inayopotea ndani ya mashaka ya uzito wa bati. Mnunuzi amepoteza sehemu moja ya kumi ya mafuta na mizani imemwambia yuko sawa. Maji hukaa chini, kwa hiyo pipa liache litulie, ziba kwa kidole ncha ya juu ya mrija mrefu unaoona ndani, ushushe mpaka sakafuni mwa pipa, achia kidole kidogo kisha uzibe tena na uuvute. Maji yataonekana chini ya mafuta, yametengana kwa mstari.