Siku 30 za Karani Mpya wa Ghala

Katika maduka mengi ya jumla ya vifaa vya ujenzi, karani mpya wa ghala hukabidhiwa funguo asubuhi ya kwanza. Wiki mbili baadaye saruji inahesabiwa, inakutwa pungufu, na yeye ndiye anayeulizwa. Hapo hakuna awezaye kusema kwa hakika kama mifuko iliibwa, ilipasuka, au haikuwapo tangu siku aliyopokea funguo. Mpango mzuri wa siku 30 huzuia utata huo: ghala hukabidhiwa sehemu kwa sehemu, na kila sehemu huhesabiwa kwanza.

Siku ya kwanza ni ya karatasi. Nchini Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri ampe mwajiriwa maelezo ya maandishi anapoanza kazi, yakiwamo maelezo ya kazi yenyewe, mahali pa kazi, saa na ujira.

Utambulisho nao ugawanywe katika siku tatu, kwa sababu anayetambulishwa kwa watu kumi kwa saa moja huondoka na majina mawili. Aanze na wale ambao karatasi zao zinafika ghalani: muuzaji wa kaunta anayetoa risiti, mhasibu anayepokea hesabu za jioni, wapagazi, na mlinzi wa getini anayeandika kila mzigo unaotoka. Kwa kila mmoja, karani aulize kinachotoka kwake kuja ghalani na kinachopaswa kurudi.

Siku zinazobaki za wiki ya kwanza ni za kujifunza bidhaa akiwa kando ya mzoefu. Saruji hupangwa juu ya chaga, mbali na ukuta, kwa kuwa hunyonya unyevu na kuganda mabonge. Iliyoingia kwanza hutoka kwanza. Nondo za milimita 10 na 12 humchanganya mgeni, hivyo azipime kipenyo badala ya kukisia kwa macho. Mabati ndiyo yenye mtego zaidi: namba ya geji ikipanda, bati huwa jembamba. Anayedhani geji 30 ni nene kuliko 28 atampa mteja bati lisilo lake.

Wiki ya pili karani anapokea mizigo, mzoefu akimwangalia. Ahesabu mifuko inaposhuka kwenye lori, kabla ya kusoma idadi iliyoandikwa kwenye hati ya mzigo, maana anayeisoma mapema huelekea kuiona idadi hiyohiyo. Mifuko iliyopasuka iandikwe kwenye hati kabla dereva hajaondoka. Akishaondoka, hasara ni ya duka.

Wiki ya tatu huleta jukumu la kwanza la peke yake, na saruji inafaa kuwa jukumu hilo. Ni bidhaa moja, hutoka kila siku, na kosa lake huonekana jioni ileile. Tuseme siku ya 15 karani na mzoefu wanahesabu mifuko 240 na wote wawili wanasaini kadi ya bidhaa. Mchana inaingia 100, na risiti zinaonyesha imeuzwa 85. Jioni inapaswa kubaki 255, lakini inahesabika 252.

Mifuko mitatu haiko, na kutafuta ilikokwenda ni mafunzo tosha. Karani anarudia kuhesabu, kisha anakagua sehemu ya kushushia. Anakuta miwili iliyopasuka wakati wa kupangwa, ikawekwa pembeni bila kuandikwa. Kisha analinganisha risiti na daftari la mlinzi: risiti moja ni ya mifuko 15, getini ilitoka 16. Wapagazi walipakia mmoja zaidi. Kuanzia kesho yake, karani anahesabu mzigo ukiwa tayari garini, siyo unapobebwa.

Wiki ya nne zinaongezwa nondo na mabati. Vitu vidogo vya bei kubwa, kama nyaya za umeme, koki na vitasa, vingoje hadi mwezi upite, kwa sababu upotevu wake huchelewa kuonekana.

Siku ya 30 meneja huchagua safu chache za bidhaa alizokabidhiwa karani, bila kumtaarifu mapema, akalinganisha kadi na kilichopo. Aangalie pia jinsi kadi ilivyoandikwa. Maandishi ya siku nzima yanayofanana, kama ya mkao mmoja, huashiria kwamba iliandikwa jioni kwa kukumbuka. Kadi isiyo na tofauti hata moja kwa wiki mbili inastahili kukaguliwa upya, kwani ghala lenye shughuli hupasua mifuko.

Duka dogo lenye mwenye mali na karani mmoja haliwezi kuhesabu kila kitu kwa watu wawili. Linaweza kuchagua bidhaa tano zinazotoka haraka na kuzihesabu hizo tu kila jioni. Na karani akikosea bidhaa moja siku ya 30, aongezewe wiki kwenye bidhaa hiyo, huku nyingine alizozimudu zikibaki mikononi mwake kwa saini ya pande zote mbili.