Mawese, Sufuria la Moto na Kaunta ya Jikoni: Zege, Graniti, Mbao au Fomaika?

Wanaosoma fani za ujenzi wanajua hili: likizo ikifika hupumziki. Ndugu wakisikia unasoma ukadiriaji majenzi, kila mwenye tofali lake atakuuliza bei. Kwetu Ujiji likizo iliyopita swali lilitoka kwa shangazi, ambaye anapika chakula cha kuuza. Alitaka kaunta ya jikoni yenye urefu wa mita 2.4 na upana wa sentimita 60, na hela aliyokuwa nayo ilikuwa ya biashara, si ya mapambo. Akikosea, mtaji wa miezi kadhaa unakwenda na maji. Nikaona hesabu tuliyoifanya iwafae na wenzangu, maana jiko la Kigoma lina mambo yake.

La kwanza ni moto. Shangazi anatumia jiko la mkaa. Sufuria la ugali au karai la migebuka likiipuliwa, linatua juu ya kaunta palepale, na mafuta ya kukaangia yanafika nyuzi 180 za Selsiasi bila shida. La pili ni mawese. Wekundu wake unatokana na rangi ileile iliyomo kwenye karoti, na rangi hiyo inayeyuka kwenye mafuta, haiyeyuki kwenye maji. Ndiyo maana ukifuta doa la mawese kwa maji matupu unalisambaza tu. Lazima sabuni ivunje mafuta kwanza. Na kama mafuta yameshaingia ndani ya kitu chenye vitundu, sabuni haiyafikii tena.

Kwa hiyo kila nilipopewa jina la kitu cha kutandika juu, niliuliza maswali mawili kabla ya bei: kikipata moto kinafanya nini, na mawese yatapenyea wapi?

Fomaika ilitoka mapema. Ni karatasi ngumu zilizoshindiliwa pamoja kwa gundi maalumu, kisha zikabandikwa juu ya ubao wa unga wa mbao. Uso wake kwa madoa ni mzuri kweli, mawese yanafutika. Shida iko chini ya uso. Sufuria la moto likikaa dakika chache, gundi ya kubandikia inalegea na karatasi inavimba kama andazi. Kwenye kingo maji yakiingia, ule ubao wa unga unafura, na ukifura haurudi. Kwa mwanachuo mwenye jiko la gesi la mtungi mdogo, anayechemsha chai na kukaanga mayai, fomaika inatosha na ni nafuu. Kwa mama lishe wa mkaa, hapana.

Mbao ilikuwa na mvuto wake, kwa sababu mkoa wetu una misitu ya miombo na mninga tunaufahamu. Mninga una sifa kubwa moja: ukikauka vizuri haunywei wala kujikunja sana. Lakini sufuria la moto linaacha duara jeusi, na mawese yanaingia kwenye nyuzi za mti. Nafuu ya mbao ni kwamba inarekebishika. Doa linapigwa msasa, ubao unapakwa mafuta upya, maisha yanaendelea. Tena jua linafifisha rangi ya mawese, kwa hiyo kibao kidogo cha kukatia ukikiosha kwa sabuni na kukianika, wekundu unapungua wenyewe. Kaunta iliyojengewa ukutani huwezi kuianika.

Graniti ndiyo kila mtu anaitamani. Kwa moto haina wasiwasi, ni jiwe lililozaliwa kwenye joto. Kwa madoa watu wanaisifia kupita kiasi, kwa sababu ina vitundu vidogo sana na mafuta yakikaa yanaacha kivuli cheusi, hasa kwenye graniti ya rangi nyepesi. Inatakiwa kupakwa dawa ya kuziba vitundu. Kipimo chake ni rahisi: dondosha maji, subiri dakika 15, futa. Jiwe likiwa limebadilika rangi pale, dawa imekwisha. Lakini kilichoiondoa kwa shangazi ni bei, na bei yenyewe haiko kwenye jiwe peke yake. Kipande cha kaunta yetu chenye unene wa sentimita 2 kina uzito wa karibu kilo 78. Kikitoka Dar es Salaam, kinasafiri zaidi ya kilomita 1,200 kikiwa kimesimamishwa wima, na kikipata ufa njiani hakiungiki. Unalipia jiwe, safari, kukata, kung'arisha kingo, na hatari ya kuvunjika.

Likabaki zege lenye vigae, na hapa ndipo penye kazi. Zege lenye unene wa sentimita 8 kwa kaunta ile linahitaji mfuko mmoja wa saruji wa kilo 50, na unabaki kidogo, pamoja na ndoo tatu za lita 20 za mchanga na tano au sita za kokoto. Linakaa juu ya vijikuta vya tofali, kwa sababu lina uzito wa karibu kilo 280. Nondo hazilazwi juu ya mbao za chini moja kwa moja. Zinainuliwa kwa vipande vidogo vya zege, mafundi wanaviita biskuti, ili saruji izizunguke pande zote. Kisha linamwagiliwa maji siku saba.

Moto hauliwezi zege hilo, na kigae kizuri hakinywi mawese. Udhaifu uko kwenye mistari kati ya kigae na kigae, kwa sababu grauti ya saruji ina vitundu. Kaunta nyingi za vigae mnazoziona zina mistari ya rangi ya chungwa iliyokolea, na watu wanalaumu vigae. Tukapiga hesabu. Kwa vigae vya sentimita 30 kwa 30 unahitaji 16, na mistari ya juu inafika mita 6.6. Kwa vigae vya 60 kwa 60 unahitaji vinne tu, na mistari ni mitatu, jumla mita 1.8. Eneo ni lilelile, ila sehemu ya mawese kupenya imepungua karibu mara nne. Kwa mistari michache hivyo, hata grauti ya epoksi, ambayo ni ghali lakini haipitishi mafuta, inakuwa ya kununulika. Ukishindwa kuipata, chagua grauti ya kijivu iliyoiva au kahawia. Nyeupe usiiguse.

Jambo linaloharibu kazi hii ni haraka. Zege likiendelea kukauka linanywea, na vigae vilivyobandikwa wiki ya kwanza vinaachia au kupasuka. Subiri wiki tatu au nne. Siku ya kukabidhiwa kazi, chukua sarafu, gonga kila kigae katikati na kwenye pembe. Kikilia kama debe tupu, chini kuna hewa. Hicho ndicho kitakachopasuka siku kinu kitakapokitua kwa kishindo, au sufuria la moto likiwekwa juu yake. Mwambie fundi akitoe na kukibandika upya saruji ikiwa bado changa, kabla hujamlipa salio lake.