Gia Ilipopewa Sifa Isiyo Yake

Mwaka 1974 jarida la Motor Trend la Marekani lilichapisha vipimo vya magari, na 32 kati yake bado hutumiwa na wanafunzi wa takwimu duniani kote. Swali letu ni dogo: gari la gia za mkono linakwenda mbali zaidi kwa galoni moja kuliko la otomatiki?

Tukiipa kompyuta aina ya gia peke yake, koefisienti inatoka 7.245. Yaani, kwa wastani, magari ya gia za mkono yaliyazidi ya otomatiki kwa maili 7 na kidogo. Pembeni pana kosa sanifu, 1.764. Hicho ni kipimo cha kuyumba: tungechukua magari mengine 32, jibu lingeyumba kiasi gani? Ongeza na utoe takriban makosa sanifu mawili, upate kati ya 3.7 na 10.8. Sifuri haimo, na muuza magari angefurahi.

Sasa tuongeze uzito, `wt`, kwa maelfu ya pauni. `am` ndiyo gia:

```
     Estimate  Std. Error
am   -0.02362     1.54565
wt   -5.35281     0.78824
```

Zile maili 7 zimeyeyuka. Magari ya otomatiki yalikuwa na wastani wa pauni 3,769, ya gia za mkono 2,411. Tofauti ni pauni 1,358, na kila pauni 1,000 inagharimu maili 5.35, zidisha, utapata 7.27. Gia ilikuwa imebeba sifa ya wepesi. Hiyo ndiyo maana ya kudhibiti kigezo kinachovuruga: tunalinganisha magari ya uzito mmoja. Ila hapa pana mtego. Otomatiki jepesi kuliko yote, Toyota Corona, lina pauni 2,465. La gia za mkono zito kuliko yote, Maserati Bora, lina 3,570. Nje ya hapo hakuna wa kulinganishwa naye, ni mstari tu unaokisia.

Basi tuweke vigezo vyote kumi? Mimi nisingethubutu. Ukubwa wa injini, `disp`, ukiwa peke yake unapunguza maili, kama dereva yeyote ajuavyo. Katika jedwali la vigezo kumi unageuka kuwa chanya, 0.013, na kosa sanifu lake, 0.018, linaizidi koefisienti yenyewe. Injini kubwa, silinda nyingi na uzito huandamana, kwa hiyo hesabu haijui imlaumu nani. Kipimo cha VIF cha `disp` ni 21.6, wakati wengi huanza kushtuka kikivuka 5 au 10. Dalili nyingine iko chini ya jedwali: vigezo kwa pamoja vinaeleza asilimia 87 ya tofauti za maili, lakini hakuna hata kimoja kinachofikia kile kizingiti cha kawaida cha 0.05.