Kitenzi "Kula" na Mfumo wa Sitiari katika Kiswahili

Kamusi za Kiswahili hukipa kitenzi "kula" maana nyingi zilizopangwa kwa nambari: kutia chakula tumboni, kutumia mali, kupokea rushwa, na nyinginezo. Mpangilio huo humfanya msomaji adhani kwamba maana hizo zimekutana katika neno moja kwa bahati tu. Mwaka 1980 George Lakoff na Mark Johnson walitoa hoja kwamba sitiari si pambo la washairi peke yao, bali ni njia ya kufikiri ambayo kwayo watu huelewa uwanja mmoja wa maisha kwa kutumia mpangilio wa uwanja mwingine. Hoja hiyo ikiwa ni kweli, basi matumizi ya "kula" yapaswa kuonyesha utaratibu, wala si orodha tu.

Na ichukuliwe sentensi ya kawaida: "Mhasibu amekula fedha za chama." Katika uwanja wa chakula, ambao ndio chimbuko, kuna mlaji, kuna kiliwacho, na kuna tumbo. Tendo lenyewe lina matokeo mawili: mlaji hufaidika, na kiliwacho hutoweka. Katika uwanja wa mali, ambao ndio unaolengwa, mhasibu amesimama mahali pa mlaji, fedha mahali pa chakula, na miliki yake ya siri mahali pa tumbo. Faida imemwendea yeye, na kasha la chama limebaki tupu.

Matokeo hayo mawili hayasafiri pamoja kila mara. Katika "kula rushwa" linalokaziwa ni faida ya mpokeaji. Katika "kutu imekula bati" kinyume chake ndicho kilichopo: bati limepungua, lakini kutu haikufaidika kwa lolote. Hali kadhalika husemwa kwamba gari linakula mafuta, au kwamba soli ya kiatu imelika. Na katika umbo hili la mwisho mlaji hatajwi kabisa, umebaki upungufu peke yake. Hivyo maana ambazo kamusi huzitenga zaweza kuelezwa kwa kuuliza swali moja: ni sehemu gani ya tendo la kula iliyohamishwa?

Ushahidi wa kwamba huu ni mfumo hupatikana katika maneno jirani. Ikiwa kilichohamishwa ni uwanja mzima, wala si neno moja, basi maneno mengine ya chakula nayo yatafuata. Ndivyo ilivyo: fedha za umma hutafunwa na humezwa, mlaji wake huambiwa kwamba hashibi, na akibanwa na sheria hutapishwa alichokula. Msikilizaji ambaye hajapata kusikia usemi wa namna hiyo huuelewa papo hapo, kwa sababu ulinganifu wenyewe anao tayari.

Kipimo hichohicho huonyesha mpaka wa mfumo. "Kula kiapo" hakukubali majirani hao: hakuna asemaye kwamba shahidi ametafuna kiapo, au amekitapika. Hapa chimbuko laelekea kuwa jingine. Kiapo kiliweza kuwa kitu halisi kilicholiwa au kunywewa ili kumthibitisha msema kweli, na sehemu hiyo ya tendo ikawa jina la tendo zima. Huo ni uhusiano wa ukaribu, si wa ulinganifu. Vivyo hivyo, mzee aliyekula chumvi nyingi ameila kwa hakika, na wingi wa chumvi wasimama badala ya wingi wa miaka. Nako "kula hasara" na "kula kichapo" huonyesha jambo linalomwingia mtu bila kumfaidi. Kwa hiyo kwastahili kuchunguzwa peke yake. Mchunguzi anayekusanya kila usemi wenye "kula" na kuuita sitiari moja atakuwa amerudi kwenye orodha aliyotaka kuiacha.

Utaratibu huu una uzito hata nje ya sarufi. Kitenzi "kuiba" humleta mbele mwenye mali, kwa kuwa hakuna wizi pasipo aliyeibiwa. "Kula" hakumleti, tena kula ni haja ya kila kiumbe, na mwenye njaa hasemwi vibaya. Hoja hiyo ndiyo inayopatikana katika methali "Mbuzi hula urefu wa kamba yake", inapotajwa kumtetea afisa mla rushwa. Cheo kimekuwa kamba, mali ya umma imekuwa majani, na majani hayana mwenyewe anayelalamika. Anayetumia methali hiyo hakutoa hoja yoyote kwamba mali hiyo ni halali, sitiari imemtolea. Kamusi inayoandika tu kwamba "kula" ni "kupokea rushwa" imeeleza maana ya neno, lakini imeuacha nje utetezi uliomo ndani yake.